Ukihisi Uvimbe Mgumu Kwenye Titi: Hatua za Kufuata Hadi Upate Jibu Kamili

Mwanamke anapojipapasa titi, kisha vidole vikakutana na kitu kigumu ambacho hakukijua, kuna mambo mawili ambayo yote ni kweli. La kwanza ni kwamba uvimbe mwingi wa titi, hasa kwa wanawake wenye umri wa chini ya miaka 40, si saratani. La pili ni kwamba hakuna mkono, uwe wake mwenyewe, wa mama yake, wa mkunga au hata wa daktari bingwa, unaoweza kutenganisha kwa hakika uvimbe usio na madhara na ule wa saratani kwa kuugusa peke yake. Wengi hulishika jambo la kwanza wakaliacha la pili, na hapo ndipo miezi inapopotea.

Mwongozo huu unafuata njia nzima, tangu siku uvimbe unapogunduliwa hadi siku jibu linapokamilika, na unaeleza pia namna ya kutambua jibu ambalo halijakamilika. Ili mambo yasibaki hewani, nitafuatisha mfano wa mwanamke wa miaka 29 anayeishi Kisauni, Mombasa, ambaye mtoto wake ameachishwa ziwa mwaka uliopita. Si mtu fulani. Nimemtunga kutokana na mambo yanayowatokea wengi.

Hatua ya kwanza: Papasa tena kwa utaratibu, siku inayofaa

Titi halina ulaini wa aina moja kila mahali. Sehemu ya juu inayoelekea kwapani huwa nene na yenye vinundu vinundu kwa wanawake wengi, na chini ya titi, pale linapokunjana na kifua, kuna ukingo mgumu ambao ni wa kawaida kabisa. Mbavu nazo huwadanganya wanawake wembamba. Zaidi ya hayo, siku chache kabla ya hedhi homoni huyafanya matiti yajae maji, yaume na kuwa na vinundu ambavyo hutoweka damu ikishakatika. Kwa hiyo siku nzuri ya kupapasa ni kati ya ya 7 na ya 10, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya kuona damu. Aliyekoma hedhi au aliye mjamzito achague tarehe moja ya kila mwezi, na anayenyonyesha apapase mara tu baada ya mtoto kunyonya, titi likiwa limepungua maziwa.

Lala chali. Kunja leso au taulo uiweke chini ya bega la upande unaoupima, kisha uweke mkono wa upande huo nyuma ya kichwa, ili titi litandazike juu ya mbavu badala ya kurundikana ubavuni. Tumia mkono wa upande wa pili, na utumie nyama ya vidole vitatu vya katikati, si ncha zake. Usibane titi kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa sababu nyama yoyote ya titi ikibanwa hivyo itahisika kama uvimbe. Zungusha vidole kwa miduara midogo, na kila mahali ubonyeze mara tatu: kwa wepesi ili uhisi kilicho chini ya ngozi, kwa nguvu ya wastani, kisha kwa nguvu ya kutosha kuufikia ubavu. Anza kwapani, shuka hadi chini ya titi, panda tena hadi kwenye mfupa wa mtulinga, na uendelee hivyo kwa mistari ya wima mpaka ufike katikati ya kifua. Mafuta kidogo au povu la sabuni husaidia vidole viteleze bila kuvuta ngozi.

Ukikutana na kitu, fanya jambo moja ambalo wengi hulisahau: papasa mahali pale pale kwenye titi la pili. Unene usio na mipaka, unaofanana pande zote mbili, kwa kawaida ni umbile lako tu. Kitu chenye ukingo unaoweza kuuzunguka kwa kidole, kilicho upande mmoja peke yake, ni uvimbe, na uvimbe una njia yake ya kufuata.

Baada ya hapo simama mbele ya kioo, mikono ikiwa imeteremka, kisha ikiwa juu, kisha ikiwa imeshikilia kiuno kwa nguvu. Unatazama kama ngozi inabonyea mahali fulani, kama chuchu imeanza kuvutwa ndani ilhali zamani haikuwa hivyo, au kama titi moja limebadilika umbo.

Ikiwa ulichohisi ni unene usioeleweka vizuri na hedhi iko karibu, unaweza kusubiri hadi hedhi ipite upapase tena, lakini subira hiyo ni ya mara moja. Ikiwa ni uvimbe wenye ukingo wake, usisubiri mwezi mwingine. Pia acha kuubonyeza kila siku, kwa maana nyama inayobonyezwa ovyo huuma na kuvimba, na daktari atashindwa kujua kipi ni uvimbe na kipi ni matokeo ya vidole vyako.

Hapa kuna jambo linalostahili kusemwa waziwazi. Utafiti mkubwa uliofanyika Shanghai, ambao majibu yake ya mwisho yalichapishwa mwaka 2002, ulihusisha wanawake zaidi ya 266,000. Wale waliofundishwa kujipapasa hawakufa kwa uchache zaidi kuliko wenzao wasiofundishwa, ila walifanyiwa biopsi nyingi zaidi, yaani kukatwa kipande cha nyama cha kupimwa maabara, kwa uvimbe usio na madhara. Mimi siuchukulii utafiti huo kuwa sababu ya kuacha kuyajua matiti yako. Unachoonyesha ni kwamba kupapasa hakutoshi kama njia ya kuitafuta saratani, na kwamba uvimbe uliogunduliwa unapaswa kupimwa kwa njia sahihi, isije mtu akabaki na hofu tupu au akapasuliwa bila haja.

Hatua ya pili: Andika ulichohisi

Mwanamke wetu wa Kisauni aliuhisi uvimbe siku ya tisa ya hedhi. Aliandika tarehe hiyo nyuma ya daftari la matumizi ya nyumbani, kisha akaandika: titi la kushoto, juu, upande wa kwapani, upana wa kidole kimoja na nusu, mgumu, hauumi, unasogea ukiguswa, ngozi iko sawa, chuchu haitoi kitu. Maelezo hayo mafupi yana thamani kubwa, kwa sababu foleni na wasiwasi husahaulisha, na kwa sababu daktari atataka kujua kama uvimbe umekua tangu ulipoonekana.

Mahali pa uvimbe hutajwa kwa kulifikiria titi kama uso wa saa ya ukutani, chuchu ikiwa katikati. Wa kwake ulikuwa kwenye namba 2, vidole vitatu kutoka kwenye chuchu. Utaona namba kama hiyo kwenye karatasi ya picha na kwenye majibu ya maabara, na itakufaa baadaye, kama nitakavyoeleza.

Hatua ya tatu: Fahamu sababu za kawaida, na mipaka ya kukisia

Kwa mwanamke wa umri wake, sababu inayoongoza ni fibroadenoma, yaani uvimbe wa nyama ya titi yenyewe, tezi na nyuzi zake, uliokua kupita kiasi mahali pamoja. Huonekana zaidi kati ya miaka 15 na 35. Huwa wa mviringo au wa umbo la yai, laini ukingoni, mgumu kiasi bila kuwa mkavu, na huteleza chini ya kidole kama goroli. Wengi wa aina hii huwa na upana wa sentimita 1 hadi 3, na mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya mmoja. Unaweza kubaki vile vile kwa miaka, ukakua wakati wa ujauzito kwa sababu ya homoni, na ukasinyaa baada ya hedhi kukoma. Ule wa kawaida haugeuki kuwa saratani isipokuwa kwa nadra sana.

Kuanzia miaka ya thelathini na kitu hadi hedhi inapokaribia kukoma, kifuko cha maji huwa sababu ya kawaida zaidi. Huweza kutokea ghafla, kikauma kabla ya hedhi na kupungua baadaye. Kifuko kilichojaa sana maji huwa kigumu kabisa mkononi, na wengi hushangaa kuambiwa kwamba ndani yake hamna nyama.

Mafuta ya titi yaliyoumia nayo huacha donge. Mtu amegonga kifua kwenye ukingo wa kiti cha matatu, amebanwa na mkanda wa gari katika ajali, au amewahi kufanyiwa upasuaji wa titi. Wiki au miezi baadaye, mafuta yaliyokufa hutengeneza kovu gumu lisilo na mviringo mzuri, na wakati mwingine huvuta ngozi. Donge hili halina madhara, lakini linafanana na saratani kwa mkono na hata kwenye picha. Ndiyo maana kusema "niligongwa pale" hakumalizi uchunguzi: mara nyingi pigo ndilo lililomfanya mtu apaguse mahali ambapo uvimbe ulikuwepo tangu zamani.

Kwa anayenyonyesha kuna mfereji ulioziba, kifuko cha maziwa, na uambukizo unaoweza kuwa jipu. Uambukizo hutibiwa kwa antibayotiki na hupaswa kuonyesha nafuu katika siku chache. Wekundu na ugumu ambao bado upo dozi inapokwisha haufai kupewa dozi ya pili na ya tatu bila picha, kwa kuwa kuna aina ya saratani inayojitokeza kwa wekundu, joto na kuvimba kwa titi zima, ikafanana na uambukizo.

Kwa nini basi kusiishie hapo, ikiwa dalili zinalingana na fibroadenoma? Kwa sababu baadhi ya saratani, hasa kwa wanawake vijana, huwa za mviringo, laini ukingoni na zinazosogea, wakati saratani tunayoelezwa vitabuni ni ngumu, yenye kingo mbovu na iliyoshikamana na nyama. Vilevile kuna uvimbe uitwao filodi, unaofanana na fibroadenoma mwanzoni lakini ukakua haraka, na baadhi yake huwa ni saratani. Maumivu nayo hayatoi hakikisho: uvimbe wa saratani kwa kawaida hauumi, lakini upo unaouma. Na wale wanaojituliza kwa kusema kwamba katika ukoo wao hakuna aliyeugua wajue kwamba wengi wa wanaopatikana na saratani ya titi hawana jamaa aliyewahi kuugua.

Zipo dalili ambazo zikiambatana na uvimbe zinakutaka uende siku hizo hizo: ngozi iliyobonyea, iliyovimba na kuwa na vishimo vidogo vidogo, au yenye kidonda, chuchu iliyovutwa ndani au inayotoa damu, uvimbe usiosogea, au donge gumu kwapani au juu ya mtulinga. Mwanamke wetu hakuwa na hata moja kati ya hizo. Alienda hospitali hata hivyo.

Hatua ya nne: Nenda kituo, na useme maneno yanayosikika

Unaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya kaunti ndogo kama Tudor, Port Reitz au Likoni, ambako utapewa karatasi ya rufaa ukihitaji kwenda Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, ile ambayo wenyeji wengi huiita Makadara. Anayetumia hospitali ya kibinafsi anaweza kumwendea daktari wa upasuaji moja kwa moja. Kabla ya kupanga vipimo uliza gharama ya kila kimoja, na uliza ni kipi kinacholipiwa na SHA, bima ya afya ya serikali, na kipi utatoa mfukoni, kwa kuwa watu wengi hufanya picha wakaishiwa fedha za sindano, na picha peke yake ikabaki kabatini.

Usiseme tu kwamba titi linauma au kwamba unataka kuangaliwa. Sema hivi: "Daktari, nina uvimbe kwenye titi la kushoto, juu, karibu na kwapa. Niliugundua tarehe fulani baada ya hedhi na bado upo." Sentensi hiyo inamlazimu mtu kuutafuta uvimbe wenyewe. Mtaje pia mwisho wa hedhi yako, dawa za uzazi wa mpango unazotumia, mimba na unyonyeshaji, na jamaa yeyote aliyeugua saratani ya titi au ya vifuko vya mayai ya uzazi.

Wako wanaochelewa kwa sababu ya stara. Una haki ya kuomba uangaliwe na daktari au muuguzi wa kike, na asipokuwepo, kuomba mwanamke mwingine awemo chumbani, hata kama ni dada yako au wifi uliyekuja naye. Kifua hakihitaji kuachwa wazi kwa muda wote. Leso hufunika upande usioangaliwa. Daktari anayefanya kazi yake vizuri atakutazama ukiwa umekaa, kisha umelala, atapapasa matiti yote mawili, kwapa zote mbili na juu ya mtulinga. Akikwambia "Bado u msichana, hiki si kitu" bila kuagiza kipimo chochote, mwombe kwa adabu akuandikie picha, au utafute daktari mwingine.

Wapo pia watakaokushauri uanze na dawa ya kupaka, kombe au mitishamba, uone kama uvimbe utayeyuka. Sina neno na dua, na ziendelee. Ubaya wa dawa hizo ni kwamba kifuko cha maji huweza kupungua chenyewe, sifa ikaiendea dawa, kisha mwenye saratani akapewa dawa ile ile akaingoja miezi sita.

Hatua ya tano: Vipimo vitatu, na kila kimoja kina kazi yake

Uchunguzi kamili wa uvimbe unaoshikika una sehemu tatu: mkono wa daktari, picha, na kipande cha nyama kinachotazamwa kwa hadubini. Si kila uvimbe unaofika sehemu ya tatu, kwa maana kifuko cha maji tupu kinachoonekana wazi kwenye picha hakihitaji kukatwa kipande.

Kwa mwanamke wa chini ya miaka 30, picha ya kwanza kwa kawaida ni altrasaundi. Haina mionzi, hivyo hata mjamzito hufanyiwa bila hofu, na hutofautisha vizuri maji na nyama. Kuanzia miaka 40 hivi huongezwa mamografia, ambayo ni eksirei ya titi lililobanwa kati ya sahani mbili. Wa kati ya umri huo hupangiwa na daktari kulingana na hali yake. Mamografia iliyotoka safi haiufuti uvimbe unaoushika kwa mkono, kwa kuwa matiti yenye tezi nyingi huficha uvimbe katika picha hiyo, na ndiyo sababu altrasaundi hufanywa pia.

Unapofika chumba cha altrasaundi, mweke anayepiga picha kidole chake juu ya uvimbe kabla hajapaka jeli. Wengine huweka alama ya kalamu asubuhi ya siku hiyo wakiwa wamelala, kwa sababu uvimbe unaoteleza ni rahisi kukosewa. Hakikisha karatasi inataja upande, namba ya saa, umbali kutoka kwenye chuchu na kipimo cha milimita.

Kwenye karatasi utaona maandishi BI-RADS na namba, yaani ngazi ambayo daktari wa picha ameupa uvimbe. 1 ni titi la kawaida, 2 ni kitu kisicho na madhara, 3 ni kitu ambacho karibu hakika hakina madhara na uwezekano wake wa kuwa saratani hauzidi asilimia 2, 4 ni kitu cha kutiliwa shaka kinachohitaji kukatwa kipande, na 5 ni chenye dalili nzito za saratani. Namba 0 maana yake ni kwamba picha zaidi zinahitajika. Haimaanishi kwamba hakuna kitu. Namba 6 huwekwa pale ambapo saratani imekwisha kuthibitishwa.

Mwanamke wetu alipata 3. Uvimbe ulikuwa wa umbo la yai, wenye ukingo safi, umelala sambamba na ngozi, milimita 18 kwa 11. Daktari alimweleza njia mbili: kurudia picha baada ya miezi 6, au kukata kipande ili kujua sasa. Kwa kuwa alikuwa anapanga kushika mimba, na mimba ingeukuza uvimbe na kuleta maswali upya, walichagua kipande. Naiona busara ya uamuzi huo, ingawa mwingine wa miaka 20 mwenye picha kama hiyo angeweza kufuatiliwa bila sindano.

Biopsi ya sindano nene hufanyika bila kulazwa. Ngozi husafishwa, ganzi hudungwa na kuchoma kwa sekunde chache, kisha ngozi hutobolewa kwa milimita chache na sindano huingizwa kwa kufuata picha. Kifaa hulia kwa mlio mkavu kila kinapokata, na inafaa kuambiwa mapema ili usishtuke. Hutolewa vipande kadhaa vyembamba kama nyuzi, kisha mahali hapo hubonyezwa kwa takriban dakika 10 ili damu isikusanyike. Mwambie daktari mapema ikiwa unatumia aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda. Michubuko ya siku chache ni ya kawaida, na parasetamoli hutosha kwa maumivu.

Kuna sindano nyembamba pia, inayovuta chembechembe tu. Ni rahisi na ya haraka, na kwa kifuko cha maji ndiyo inayofaa, lakini kwa uvimbe wa nyama sindano nene hutoa jibu lenye maelezo zaidi. Maji yaliyovutwa kutoka kwenye kifuko yakiwa na damu, au uvimbe usipoisha baada ya maji kutoka, sampuli huenda maabara na titi hupigwa picha tena.

Mara nyingi mgonjwa au jamaa yake ndiye anayebeba chupa ya sampuli hadi maabara. Kabla hamjaondoka, tazama kwamba vipande vimezama ndani ya fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isiharibike, kwamba kifuniko kimekazwa, na kwamba lebo ina jina lako, upande wa titi na mahali pa uvimbe. Kipande kilichokaa kwenye maji matupu huharibika, na chupa isiyo na jina hukurudisha mwanzo.

Hofu ya kwamba sindano huisambaza saratani imewazuia wengi. Hakuna ushahidi kwamba wanaofanyiwa biopsi hii wanakuwa katika hali mbaya zaidi kuliko wasiofanyiwa. Kinacholeta madhara ni kuukata uvimbe wote kwa haraka bila kwanza kujua ni nini, kwani ukija kuwa saratani, upasuaji wake ulipaswa kupangwa kwa namna nyingine kabisa. Na ikiwa uvimbe wowote umetolewa, kwa sababu yoyote ile, hauendi kwenye ndoo ya taka, unaenda maabara.

Hatua ya sita: Linganisha majibu kabla ya kuyakubali

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha faraja ya kweli na ya uongo. Jibu zuri ni lile linaloeleza uvimbe uliouhisi. Mkono ulihisi uvimbe laini unaosogea, picha ikaonyesha uvimbe wa umbo la yai wenye ukingo safi, na maabara ikaandika fibroadenoma: vitu vitatu vinasema neno moja, na mwanamke wetu aliweza kutulia.

Sasa chukulia kwamba maabara ingeandika "tishu ya kawaida ya titi" au "mafuta". Maneno hayo yanafurahisha, lakini mafuta ya kawaida hayatengenezi uvimbe mgumu wa milimita 18. Maana yake ni kwamba huenda sindano ilipita pembeni, na kipimo kinapaswa kurudiwa. Vivyo hivyo, jibu la "sampuli haitoshi" halina maana ya "hakuna saratani", halijasema lolote. Na ikiwa picha ilikuwa BI-RADS 5 kisha maabara ikasema hakuna tatizo, hutumwi nyumbani, unafanyiwa biopsi nyingine. Angalia pia kwamba upande na namba ya saa kwenye majibu ni zile zile ulizoandika mwanzo. Kisha muulize daktari swali moja: "Je, jibu hili linaeleza ule uvimbe ninaoushika?" Asubiriwe mpaka ajibu.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya titi uliozinduliwa mwaka 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza. Tumia kipimo hicho. Ukiona wiki mbili tatu zimepita bila simu, nenda mwenyewe ukaulize, kwa kuwa karatasi hupotea, na ukimya wa maabara si habari njema.

Baada ya jibu la fibroadenoma

Si lazima itolewe. Mwanamke wetu alirudia altrasaundi baada ya miezi 6 mahali pale pale, akiwa amebeba picha za kwanza ili zilinganishwe, na daktari alimpangia nyingine za kufuatilia hadi ipite miaka miwili. Kutoa huzungumzwa ikiwa uvimbe unaendelea kukua, ikiwa umefika sentimita 3 au zaidi, ikiwa unauma, ikiwa maabara ina shaka ya filodi, au ikiwa mwenyewe hana raha nao. Upasuaji huacha kovu, na kwa msichana ambaye titi bado linakua unaweza kuharibu umbo lake, hivyo haufai kukimbiliwa.

Weka karatasi zote, za picha na za maabara, katika bahasha moja, na upige picha za simu. Ukishika mimba, mwoneshe mkunga bahasha hiyo kwenye ziara ya kwanza ya kliniki ili uvimbe ukianza kukua ajue ulikotoka. Na ukihisi uvimbe mwingine, hata kwenye titi lile lile na hata ukifanana kabisa na wa kwanza, jibu la ule wa zamani si lake: andika tarehe na mahali pake, kisha uanze tena kwenye hatua ya kwanza.